Maji ya bahari, mchanga na wino: kuchuja mara mbili hakukupi maji safi

*Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha pili hapa Tanga. Kwenye vitendo tulipewa bika yenye maji ya bahari, mchanga na matone ya wino mweusi wa kalamu. Tukaulizwa njia ya kupata (a) mchanga, (b) maji safi, (c) chumvi, na (d) kujua wino una rangi ngapi. Mimi nilijibu: (a) kuchuja, (b) kuchuja mara mbili kwa karatasi mpya, (c) distilesheni, (d) kromatografia, kwa sababu wino una rangi. Nimepata (a), na nusu ya (d). Rafiki yangu aliandika distilesheni kwenye (b) na uvukizaji kwenye (c), akapata zote. Lakini distilesheni na uvukizaji si yote ni kuchemsha? Halafu karatasi yangu ya kromatografia ilitoka bluu tupu, na maji ya chini nayo yakawa bluu. Nimekosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na (b), maana kosa lenye mizizi liko hapo. Ukilielewa hilo, (c) na (d) hazitakusumbua sana.

Maji yalipopita kwenye karatasi uliona hayana mchanga hata chembe, ukadhani yamebakiza kidogo tu yawe safi, na ukaona karatasi ya pili itamalizia kazi. Sasa jiulize karatasi ile inazuia nini. Karatasi ya kuchujia ya kawaida, hizi za mviringo tunazokunja na kuweka kwenye faneli, hunasa chembe zenye upana wa takriban maikromita 11 na kuendelea. Maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Punje ya mchanga, hata ule laini wa ufukweni, ni kubwa kuliko hapo mara nyingi, kwa hiyo inanaswa bila shida. Chumvi ikishayeyuka haipo tena kama punje. Imeachana ikawa ioni za sodiamu na za kloridi, kila moja imezungukwa na molekuli za maji, na upana wa ioni pamoja na maji yake haufiki hata nanomita moja. Tundu la karatasi ni pana kuliko ioni hiyo zaidi ya mara elfu kumi. Ukichuja mara ya pili, ya tatu, ya kumi, chumvi itapita ileile. Hata kifumbu cha tui ndivyo kilivyo: machicha yanabaki, tui linapita, na ukilirudisha tui ndani ya kifumbu mara ngapi halitageuka kuwa maji.

Ushahidi ulikuwa mbele yako kwenye bika. Maji yaliyopita kwenye karatasi yalikuwa bado na rangi ya wino, sivyo? Wanafunzi wengi huchanganya mambo mawili hapa. Kimiminika kuwa angavu, yaani unaona kupitia ndani yake bila ukungu, ni jambo moja. Kutokuwa na rangi ni jambo jingine. Na hakuna hata moja kati ya hayo linalokwambia kwamba maji ni safi. Chai ya rangi iliyochujwa vizuri ni angavu na ina rangi, na maji ya bahari ya pale Raskazone yaliyochujwa ni angavu na hayana rangi, wala hakuna anayeweza kuyanywa. Kuchuja hutenganisha kile ambacho hakijayeyuka na kile kilichoyeyuka, basi. Kama vitu viwili vyote vimeyeyuka ndani ya maji yaleyale, au unataka kuyatoa maji yenyewe kwenye kile kilichoyeyuka, karatasi haina la kukusaidia.

Ukitaka kulithibitisha hili mwenyewe, usionje. Maabarani hakuonjwi kitu, hata kama unajua ni maji ya bahari tu. Chukua kijiko kimoja cha maji uliyoyachuja, yamimine kwenye kioo cha saa au kisahani safi, uyaache juu ya moto mdogo au juani mpaka yakauke. Litabaki gamba jeupe lenye madoa ya wino. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali katika kila kilo moja, kwa hiyo mililita 5 tu zitakuachia karibu gramu 0.18, kiasi unachokiona kwa macho bila mizani. Kama shule yenu ina nitreti ya fedha, dondoshea matone machache ya asidi ya nitriki hafifu kwenye maji hayo, kisha matone ya nitreti ya fedha. Mashapo meupe yatatokea papo hapo, na hiyo ni alama ya kloridi. Maji yaliyochujwa mara mbili yatatoa mashapo yaleyale, na jibu lako la (b) litakuwa limejikosoa lenyewe.

Njia sahihi ya (b) ni ile mnayoiita distilesheni, ambayo kwenye vitabu vya Kiswahili utaikuta kama ukenekaji. Sababu yake usiikariri kama "kwa kuwa maji yana chumvi". Sababu ni kwamba maji hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100, wakati chumvi haianzi hata kuyeyuka kwa joto mpaka ifike nyuzi 801, na kuchemka kwake ni zaidi ya nyuzi 1,400. Moto wa maabara unapochemsha maji, chumvi haina namna ya kupanda na mvuke. Rangi za wino nazo ni molekuli kubwa, nzito, hazipandi. Kinachopanda ni maji peke yake. Kazi iliyobaki ni kuukamata mvuke huo na kuupoza ugeuke maji tena, na hiyo ndiyo kazi ya kondensa.

Tuseme mmepewa mililita 100 za ule mchanganyiko, mchanga ukiwa umeshachujwa. Unayamimina kwenye flaski ya mililita 250, isijae kupita nusu, na unatia vipande viwili vitatu vya kigae kisichopakwa rangi ili mchemko uwe wa mapovu madogo na usiruke kwa mishindo. Kondensa unaiunganisha maji ya bomba yaingie kwa chini na kutoka kwa juu, maana ukiyaingiza kwa juu yatateremka upande mmoja tu, na sehemu kubwa ya bomba la nje itabaki na hewa. Kipimajoto, na hapa ndipo alama hupotea kila mwaka, ncha yake haizami ndani ya maji yanayochemka. Inakaa sambamba na mdomo wa tawi linaloelekea kwenye kondensa, kwa sababu unachotaka kujua ni joto la mvuke unaotoka. Ukiizamisha ndani, utapima joto la maji ya chumvi, ambayo huanza kuchemka juu kidogo ya nyuzi 100, na kadiri maji yanavyopungua na chumvi kukolea, joto hilo huzidi kupanda. Utaandika 101, 102, halafu utadhani unakeneka kitu kingine.

Kipimajoto kikiwa mahali pake, hapa Tanga mjini kitasimama karibu na nyuzi 100 na kitatulia hapo muda wote wa kazi. Kutulia huko ndiko kunakokwambia kwamba kinachotoka ni kitu kimoja. Na ukiwa na ndugu anayesoma Lushoto, naye akakwambia yake ilitulia kwenye 95 au karibu na hapo, usimcheke. Lushoto iko juu milimani, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji huchemka mapema. Jibu lake ni sahihi kwa mahali alipo.

Kusanya kama mililita 70 kisha uzime moto. Usikaushe flaski. Ikikauka, kioo hupata joto pasipokuwa na maji ya kulipokea na hupasuka, na chumvi huganda kwa chini ikawa kazi kuitoa. Hizo mililita 70 zipime kwa nitreti ya fedha kama mwanzo. Zikibaki angavu bila mashapo, umepata maji safi. Zikiwa na rangi ya bluu japo kidogo, si kwamba wino umegeuka mvuke. Moto ulikuwa mkali, au flaski ilijaa mno, matone yakaruka mpaka kwenye tawi. Rudisha kila kitu ndani, punguza moto, anza upya. Kuna wanaopenda kupima kwa salfeti ya shaba nyeupe, ile inayogeuka bluu ikikutana na maji. Kipimo hicho kinasema tu kwamba maji yapo. Maji ya bahari pia yataigeuza bluu, kwa hiyo hakifai kuthibitisha usafi.

Sasa (c), na swali lako zuri la kwamba yote si kuchemsha. Kweli, moto ni uleule na mvuke ni uleule. Tofauti iko kwenye kile unachokihifadhi. Katika ukenekaji unaulinda mvuke kwa sababu unataka maji. Katika uvukizaji unauacha mvuke uende zake kwa sababu unataka kilichobaki. Swali la (c) liliomba chumvi. Ukishajibu "distilesheni" umemwambia msahihishaji kwamba utafunga kondensa, utafungulia maji ya bomba, utakusanya maji ambayo hakuna aliyeyaomba, halafu mwishoni bado utakuwa na flaski yenye maji ya chumvi yaliyokolea, ambayo hatukuruhusu kuyakausha humo ndani. Jibu halijafika mwisho.

Hata hivyo nitasema kweli: kisayansi hukukosea kabisa. Chumvi inabaki kwenye flaski. Ungeandika "kukeneka, kisha maji yaliyokolea yanayobaki kuyavukiza kwenye kibakuli", mimi ningekupa alama kamili, tena ningeona umefikiri kuliko aliyeandika neno moja, kwa kuwa bika ni moja na maji mmeombwa pia. Neno "distilesheni" peke yake silipi alama, na aliyekusahihishia simlaumu.

Ila kwenye mchanganyiko wenu kuna jambo ambalo hata jibu la rafiki yako halikuligusa. Wino bado umo. Ukivukiza mpaka mwisho utapata chumvi ya rangi ya bluu-nyeusi. Ukiulizwa tu "njia ya kupata chumvi", uvukizaji unatosha. Ukiulizwa chumvi safi, lazima usimamishe kabla ya kukauka. Chukua zile mililita 30 zilizobaki kwenye flaski, uzimimine kwenye kibakuli cha kauri juu ya bika ya maji yanayochemka. Mililita 100 za mwanzo zilikuwa na kama gramu 3.5 za chumvi zote pamoja. Maji hushika takriban gramu 36 za chumvi ya kawaida kwa kila mililita 100, kwa hiyo fuwele zitaanza kuonekana yakibaki karibu mililita 10. Usisubiri yapoe ukitegemea fuwele zijae zenyewe kama mlivyofanya na salfeti ya shaba. Chumvi ya mezani huyeyuka karibu kiasi kilekile kwenye maji ya moto na ya baridi, hivyo kupoza hakukupi kitu cha maana. Kinachozitoa fuwele ni kupungua kwa maji.

Endelea mpaka yabaki kama mililita 2 au 3, kisha simama. Chuja. Fuwele zinabaki kwenye karatasi na sehemu kubwa ya rangi inapita na maji. Rangi iliyoshika juu ya fuwele uioshe kwa matone machache ya maji yaliyoshiba chumvi safi. Ukitumia maji matupu yataondoka na fuwele zako, lakini maji yaliyokwisha kushiba chumvi hayana nafasi ya kuyeyusha nyingine, yatachukua rangi tu. Umeona kuchuja kumerudi tena? Kwanza chumvi ilikuwa imeyeyuka, karatasi haikuweza kitu. Sasa imekuwa punje, karatasi inaiweza. Chumvi haijabadilika, hali yake ndiyo imebadilika, na njia inafuata hali.

Wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu, huku Tanga na kule Bagamoyo, wanayajua haya bila kuingia maabara. Hawasubiri maji yakauke yote kwenye majaruba. Chokaa na jasi hutangulia kushuka, halafu chumvi ya kula, na yale maji machungu yenye magnesiamu yanayobaki mwisho humwagwa. Ukikausha maji ya bahari mpaka tone la mwisho, chumvi yako itakuwa na uchungu, na magnesiamu hiyo itavuta unyevu wa hewa mpaka ilowe. Ndiyo maana sampuli za wanafunzi walizozikausha kabisa Ijumaa hukutwa Jumatatu zimelowa.

Tuje (d). Kromatografia ni jibu sahihi, na nusu ya alama iliyokatwa imo kwenye sababu uliyotoa. "Kwa sababu wino una rangi" haitoshi. Maji yale ya bika yote yalikuwa na rangi, mbona kwenye (b) hukuandika kromatografia? Kuwa na rangi kunarahisisha kuona matokeo, lakini si kunakotenganisha. Kinachotenganisha ni kwamba rangi mbalimbali zilizomo katika wino mmoja hazipendi karatasi na maji kwa kiwango kilekile. Maji yanapopanda kwenye karatasi yanazibeba. Rangi inayoyeyuka vizuri ndani ya maji na isiyong'ang'ania karatasi inasafiri mbali, na ile inayoshikamana na karatasi inabaki nyuma. Zote zilianza kwenye doa moja, zikafika mahali tofauti. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika. Na kazi yake ni kutambua, tena kwa kiasi kidogo mno. Huwezi kupata kikombe cha maji wala kijiko cha chumvi kwa karatasi ya kromatografia.

Karatasi yako ilitoka vile kwa makosa mawili, na moja nalijua bila kuliona: maji ya chini yakiwa bluu, maana yake doa lako lilizama. Doa likiwa chini ya usawa wa maji, wino unayeyuka na kuingia ndani ya bika badala ya kupanda karatasini, na maji yote yanayopanda baadaye yanabeba wino huohuo kwa upana wa karatasi nzima. La pili nalikisia: ama mstari wa kuanzia uliuchora kwa kalamu ya wino, ama doa lilikuwa kubwa. Mstari wa wino nao unatembea pamoja na sampuli, ukachanganya hesabu. Tumia penseli, kwa kuwa weusi wake ni kaboni na kaboni haiyeyuki kwenye maji.

Rudia hivi. Kata kipande cha karatasi ya kuchujia chenye urefu wa sentimita 12 na upana wa 3. Chora mstari wa penseli sentimita 2 kutoka chini. Weka doa la wino kwa ncha ya njiti, lisizidi upana wa milimita 3, likauke, kisha ongeza jingine juu yake mara mbili hivi, ukikausha kila mara. Tumia wino wenyewe kutoka kwenye chupa au kalamu. Yale maji ya bika usiyatumie kwa doa, maana wino humo umepungua mno kiasi kwamba rangi hafifu hutaziona, na chumvi iliyomo huweza kufanya madoa yavutike kama mkia. Kwenye bika tia maji ya kina cha sentimita 1, ning'iniza karatasi ncha yake iguse maji na mstari ubaki juu, funika kwa kioo ili hewa ya ndani ishibe mvuke na karatasi isikauke njiani. Maji yakikaribia juu, toa karatasi na papo hapo uweke alama ya penseli mahali maji yalipofika. Ukichelewa, karatasi inakauka na alama hiyo hutaiona tena.

Sasa unapima. Tuseme maji yalipanda sentimita 8.0 kutoka kwenye mstari, doa la njano limefika 6.8, jekundu 5.2, bluu 3.6. Ile namba tunayoiita Rf ni umbali wa doa ukigawanya kwa umbali wa maji:

```
njano     6.8 / 8.0 = 0.85
nyekundu  5.2 / 8.0 = 0.65
bluu      3.6 / 8.0 = 0.45
```

Pima mpaka katikati ya doa. Rf haiwezi kuzidi 1, kwa kuwa rangi haiwezi kuyapita maji yanayoibeba. Ukipata 1.2 umepimia kwenye ncha ya karatasi badala ya mstari wa penseli, au umegeuza namba. Na jibu liandike kwa tahadhari: "wino una rangi zisizopungua tatu". Rangi mbili zinaweza kusafiri sawasawa ndani ya maji zikaonekana doa moja, na ukibadilisha kimiminika, kwa mfano maji yaliyochanganywa na spiriti, zikaachana. Doa likikataa kabisa kuondoka kwenye mstari, usiseme wino una rangi moja. Huenda hauyeyuki kwenye maji, kama ule wa kalamu za kudumu, na unahitaji spiriti. Ukitumia spiriti, basi hakuna moto wowote mezani, hata wa jirani yako, kwa sababu mvuke wake unawaka.

Kuhusu (a), alama unayo, ila mazoea yako yaangalie kidogo. Mchanga uliobaki kwenye karatasi umelowa maji ya bahari. Ukiukausha hivyo na kuupima, na mchanga ulikuwa umeshika mililita 10, utakuwa umeongeza karibu gramu 0.35 za chumvi kwenye uzito wa mchanga, na kiasi hichohicho kimepungua kwenye chumvi yako. Uoshe kwa maji yaliyokenekwa mara mbili tatu palepale kwenye faneli, na maji ya kuoshea yaungane na yale yaliyotangulia. Ndiyo, yatakuongezea kazi ya kuvukiza. Vumilia.

Mtihanini, ukikutana na mchanganyiko usioujua, usianze kwa kuchagua jina kati ya matatu. Andika kwanza pembeni kwa penseli: nimeombwa nitoke na nini mkononi, na hicho kinatofautiana na vingine kwa lipi? Hakijayeyuka wakati vingine vimeyeyuka, chuja. Nakitaka kimiminika chenyewe, na vingine vimeyeyuka ndani yake, keneka. Vyote vimeyeyuka, vinafanana, nataka tu kujua ni vingapi au ni vipi, kromatografia. Na mara nyingine jibu halimo kabisa kwenye hayo matatu, kama chumvi tuliyoisema, au mafuta ya nazi na maji, ambayo yanataka faneli ya kutenganishia tu, yenye koki, kwa kuwa hayachanganyiki na moja linaelea. Swali likitaka zaidi ya kitu kimoja, panga mfuatano, na mchanga utoke kwanza daima, kwa sababu ukibaki kwenye flaski utasababisha mchemko wa mishindo na kuungua kwa chini.

Mambo mawili hayamalizwi kwa kuandikiana. La kwanza ni alama za (d). Nenda kwa mwalimu wako na karatasi ya swali yenyewe, siyo kumbukumbu yako, pamoja na kipande chako cha kromatografia kama bado unacho. Nusu ile inategemea swali lilisema "taja njia" au "taja njia na sababu". Kama lilisema taja njia tu, una haki ya kuomba liangaliwe upya, kwa adabu. La pili ni kurudia vitendo hivi. Kromatografia ya maji unaweza kuirudia nyumbani kwa glasi na karatasi. Ukenekaji usiujaribu nyumbani kwa chupa na mpira wa bomba, maana chombo kilichozibwa pasipo njia ya mvuke hupasuka. Muombe fundi wa maabara akupangie muda, avae miwani na wewe uvae, akukague kondensa kabla hujawasha. Maji ya moto au nitreti ya fedha ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatiza, huku mwenzako akimwita mwalimu, kisha moja kwa moja hospitali.